Upatanisho Ni wa Nani? Visawe, Ngeli na Ukaguzi wa Majibu katika Chemshabongo ya Kiswahili

Ikisiri

Vidokezo vingi vya chemshabongo ya maneno yanayokingamana hutumia visawe. Mfumbuaji hupewa neno moja na kutakiwa kutaja jingine lenye maana iyo hiyo na idadi ya herufi inayotoshea visanduku. Kwa kuwa visawe vya Kiswahili aghalabu huwa katika ngeli tofauti, wafumbuaji wengi hukagua majibu yao kwa kutazama upatanisho wa kisarufi uliomo katika kidokezo. Makala hii inaonesha kwamba ukaguzi huo ni sahihi pale tu ambapo upatanisho huo hautawaliwi na nomino nyingine iliyotajwa katika kidokezo. Hoja hii inafafanuliwa kwa kona moja ya jedwali yenye majibu matatu, ambayo inajazika kikamilifu kwa njia mbili tofauti, na ambayo upatanisho wa kisarufi huweza kuitatua au kumpotosha mfumbuaji.

Utangulizi

Tuchukue kidokezo hiki: *Kifaa cha kukatia (5)*. Mfumbuaji aliyezoea kutegemea ngeli hukiona kiunganifu *cha*, akahitimisha kuwa jibu limo katika ngeli ya KI-VI, kisha akaanza kutafuta neno la herufi tano linaloanza na KI- au CH-. Hatalipata kwa urahisi. Neno la kwanza linalomjia ni KISU, nalo lina herufi nne. Wakati huohuo maneno matano yenye herufi tano yanamsubiri: SHOKA, PANGA, MUNDU, MKASI na WEMBE. Yote ni vifaa vya kukatia, na hakuna hata moja lililo katika ngeli ya KI-VI.

Kosa lake halikutokana na kutoijua sarufi. Ameijua vizuri, lakini ameuhesabu upatanisho kuwa wa jibu, ilhali ni wa nomino *kifaa* iliyoandikwa mbele yake. Inawezekana pia kwamba aliwahi kukutana na kidokezo hichohicho kikiwa na nafasi nne, akaandika KISU na kupatia, na tangu hapo akaamini kwamba *cha* ndiyo iliyomwongoza. Kumbe ilikuwa ni sadfa: *kifaa* na *kisu* zilikutana katika ngeli moja.

Swali la makala hii, basi, ni hili: upatanisho unaoonekana katika kidokezo ni wa nani? Katika makala yote, kila herufi inahesabiwa kisanduku kimoja, hata katika herufi unganishi kama *ch*, *dh* na *sh*. Mtungaji anayeweka *dh* katika kisanduku kimoja, kwa hoja kwamba inawakilisha fonimu moja, hubadilisha idadi ya visanduku, na mifano itakayofuata haitamhusu.

Upatanisho fungwa na upatanisho huru

Sarufi ya Kiswahili huruhusu upatanisho usimame bila nomino yake. Msemaji akisema *lisemwalo lipo*, hakuna anayeuliza *li-* imetoka wapi. Kila msikilizaji hurejesha *neno* au *jambo* mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia katika methali *Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo*, ambamo *ya-* inasimamia *mambo* yasiyotajwa. Methali hii ina funzo la ziada kwa mfumbuaji, kwani *ndwele* imetajwa katikati yake lakini haitawali kiambishi chochote kati ya viwili hivyo. Anayeijua lugha huutambua mgawanyo huo bila kufundishwa.

Upatanisho wa namna hii, usio na nomino inayoutawala ndani ya kidokezo, unaitwa hapa *upatanisho huru*. Kinyume chake ni *upatanisho fungwa*, yaani ule ambao nomino yake imetajwa. Kitendawili cha yai ni mfano bora wa aina hii ya pili: *Nyumba yangu haina mlango*. Jibu, *yai*, limo katika ngeli ya LI-YA, lakini kitendawili hakisemi *halina*, kwa kuwa anayetawala upatanisho ni *nyumba*. Hakuna mtoto aliyewahi kulikataa yai kwa sababu ya *hai-*. Mtoto huyo anajua kwamba *nyumba* ni vazi tu alilovishwa yai, na kwamba upatanisho ni wa vazi, si wa aliyelivaa.

Vidokezo vya chemshabongo huchanganya mapokeo haya mawili. Kidokezo chenye nomino kuu ya jumla, kama *kifaa cha kukatia*, *chombo cha kupikia* au *mahali pa kulala*, hufuata mkondo wa kitendawili. Upatanisho wake ni fungwa na hausemi lolote kuhusu ngeli ya jibu. Kidokezo kinachoanza na kitenzi, kivumishi au kirejeshi kisicho na nomino hufuata mkondo wa methali. *Lenye mpini, huangusha miti* hakina nomino inayoweza kudai *lenye*, kwa sababu *mpini* ungehitaji *wenye*. Kwa hiyo mwenye *lenye* ni jibu lenyewe. Katika ile orodha ya maneno matano, SHOKA na PANGA hubaki, na MUNDU, MKASI na WEMBE huondoka. Kidokezo kingekuwa na *wenye*, hali ingegeuka na matatu hayo ndiyo yangebaki. Maana ya kidokezo ndiyo itakayochagua kati ya yaliyobaki.

Hapa pana majaribio mawili ambayo wafumbuaji huyachanganya. La kwanza ni kuliweka jibu linalopendekezwa mbele ya kidokezo bila kubadilisha kiambishi hata kimoja: *shoka lenye mpini* hukubalika, *mundu lenye mpini* hukataliwa. Hili ni jaribio la ngeli, na hutumika kwa upatanisho huru peke yake. La pili ni kuliweka jibu katika nafasi ya kisawe chake ndani ya sentensi kamili, na kuruhusu viambishi vibadilike kufuata ngeli mpya: *chakula kimeiva*, *mlo umeiva*, *maakuli yameiva*. Hili ni jaribio la maana. Viambishi vinabadilika mara tatu na maana inabaki palepale, na hilo ndilo linaloonesha kwamba maneno hayo ni visawe. Anayelazimisha jaribio la kwanza mahali pa la pili atakataa *mlo* kwa sababu *mlo kimeiva* si Kiswahili, na atakuwa amelikataa jibu sahihi.

Kona yenye majibu mawili

Uzito wa tofauti hii hauonekani vizuri katika kidokezo kimoja kinachosimama peke yake, kwa sababu herufi za maneno yanayokingamana kwa kawaida husahihisha kosa. Basi ichunguzwe kona ya jedwali yenye maneno matatu. Neno la 1 kulia lina visanduku saba. Neno la 1 chini lina visanduku sita, na linaanzia katika kisanduku kilekile. Neno la 2 kulia liko katika mstari wa nne, lina visanduku sita, na kisanduku chake cha nne ndicho kisanduku cha nne cha neno la 1 chini. Vidokezo ni hivi:

1 kulia: *Ndwele (7)*
1 chini: *Huba (6)*
2 kulia: *Kiini cha ugomvi (6)*

Mfumbuaji wa kwanza anaandika UGONJWA katika 1 kulia. Herufi U inashuka na kuanzisha UPENDO. Herufi ya nne ya UPENDO ni N, na katika mstari wa nne CHANZO inaipokea vizuri, kwa kuwa herufi yake ya nne pia ni N. Kona imejaa, na kila kidokezo kimejibiwa.

Mfumbuaji wa pili anaandika MARADHI katika 1 kulia. Herufi M inashuka na kuanzisha MAHABA. Herufi ya nne ya MAHABA ni A, na katika mstari wa nne SABABU inaipokea vizuri, kwa kuwa herufi yake ya nne pia ni A. Kona yake nayo imejaa, na kila kidokezo kimejibiwa.

Jedwali haliwezi kuamua kati yao. Maneno ya wafumbuaji hao wawili hayachanganyiki, maana UGONJWA haukubali MAHABA, wala UPENDO haukubali SABABU. Lakini kila kundi la matatu linakamilika lenyewe. Kwa herufi peke yake, kona hii ina majibu mawili yaliyo sawa.

Ni jambo la kuvutia kwamba mgongano huu kwa sehemu kubwa unasababishwa na ngeli zenyewe. Kisanduku cha pamoja cha neno la 1 kulia na 1 chini ni kisanduku cha kwanza cha maneno yote mawili, na katika nomino nyingi za Kiswahili kisanduku cha kwanza hukaliwa na kiambishi ngeli. *Ugonjwa* na *upendo* zinaanza na *u-*, na *maradhi* na *mahaba* zinaanza na *ma-*. Hivyo herufi ya pamoja haikuyathibitisha majibu. Imethibitisha tu kwamba maneno mawili yaliyokutana yana kiambishi cha mwanzo cha namna moja. Kukingamana kwa maneno katika herufi ya kwanza ni ushahidi dhaifu katika Kiswahili, kama ulivyo pia ushahidi wa herufi ya mwisho, ambayo karibu kila mara ni mojawapo ya irabu tano. Herufi za kati, hasa konsonanti za mzizi, zina uzito zaidi. Katika kona hii hata kisanduku cha kati kilishindwa, kwa bahati mbaya ya N ya *upendo* na *chanzo* kwa upande mmoja, na A ya *mahaba* na *sababu* kwa upande mwingine.

Mfumbuaji atakayetafuta msaada katika upatanisho atauona mara moja: *Kiini cha ugomvi*. Atasema kwamba *cha* inadai ngeli ya KI-VI, kwamba *chanzo* ni KI-VI na *sababu* ni I-ZI, na kwamba kwa hiyo CHANZO ni sahihi, ikifuatwa na UPENDO na UGONJWA. Kona nzima itakuwa imeamuliwa kwa silabi moja. Lakini *cha* ni mali ya *kiini*. Upatanisho huo ni fungwa, na katika jaribio la maana majibu yote mawili yanapita: *chanzo cha ugomvi* na *sababu ya ugomvi*. Hata kama mtungaji alikusudia CHANZO, mfumbuaji huyu atakuwa amepatia kwa hoja isiyo sahihi, na hoja hiyohiyo itamwangusha katika kidokezo kingine.

Kuirekebisha kona

Mtungaji anayegundua kasoro hii hana haja ya kulivunja jedwali. Kwa kuwa majibu hayachanganyiki, inatosha kidokezo kimoja kati ya vitatu kipewe upatanisho huru, na vingine viwili vitafuata.

Jaribio la kwanza la mtungaji asiye mwangalifu huwa ni kuongeza kioneshi: *Ndwele hii (7)*. Nyongeza hiyo haina faida yoyote. *Hii* inapatana na *ndwele*, nomino ya I-ZI, na UGONJWA na MARADHI zote mbili zinabaki. Upatanisho utakaosaidia ni ule ambao *ndwele* haiwezi kuudai. Mtungaji anayekusudia MARADHI anaweza kuandika: *Ndwele, yamemlaza wiki nzima (7)*. *Ndwele* ingehitaji *imemlaza* au *zimemlaza*, kwa hiyo *ya-* inabaki bila mwenyewe ndani ya kidokezo na inasubiri jibu. UGONJWA unaondoka. Wingi wake, *magonjwa*, ungekubali *yamemlaza*, lakini una herufi nane. Anayekusudia UGONJWA ataandika *umemlaza*, na MARADHI, ambayo haina umoja wenye *u-*, itaondoka.

Kuna sharti moja linalofichika hapa. Kisawe kilichomo katika kidokezo na jibu lenyewe lazima viwe katika ngeli tofauti, la sivyo kiambishi hakionekani ni cha nani. Kidokezo *Shida, inachosha* kinaweza kusomwa kwa namna mbili: *shida inachosha*, au jibu fulani la ngeli ya I-ZI linachosha. Usomaji wa kwanza ukikubalika, ushahidi umepotea. Kwa hiyo mtungaji anapochagua kisawe cha kutumia katika kidokezo, asitazame ukaribu wa maana peke yake. *Ndwele* inafaa kwa kona hii kwa sababu haimo katika ngeli ya *ugonjwa* wala ya *maradhi*.

Kasoro nyingine hujificha katika kitenzi. Vidokezo hupenda kauli za mazoea, na Kiswahili huzieleza kwa *hu-*: *Humlaza mtu kitandani*. Kiambishi hiki hakichukui upatanisho wa kiima. *Ugonjwa humlaza* na *maradhi humlaza* ni sawasawa. Kidokezo kinaonekana kuwa sentensi kamili isiyo na nomino, mfumbuaji anatazamia ushahidi wa ngeli, na ushahidi haupo. Ndivyo pia ilivyo kwa vitenzi vishirikishi *ni* na *si*. Lakini *ndi-* hubeba upatanisho: *ndiyo yaliyomlaza* na *ndio uliomlaza* hutofautisha vizuri. Vivumishi visivyochukua viambishi, kama *hodari*, *safi* na *ghali*, navyo haviwezi kuitwa kutoa ushahidi.

Viambishi vinavyosema zaidi na vinavyosema kidogo

Hata upatanisho huru hauna uzito sawa katika kila umbo. Kiunganifu cha *-a* ndicho kinachochanganya zaidi. Umbo *ya* hutumika na wingi wa U-I (*miti ya*), wingi wa LI-YA (*maji ya*, *majani ya*), na umoja wa I-ZI (*nyumba ya*). Umbo *wa* lina wenyewe wengi zaidi: *mtu wa*, *watu wa*, *mti wa*, *upendo wa*. Kiambishi cha kiima hutenganisha vizuri zaidi. Pale ambapo *ya* ilikuwa moja, tunapata *i-* kwa *miti* na *nyumba*, na *ya-* kwa *majani*. Pale ambapo *wa* ilikuwa moja, tunapata *a-* kwa *mtu*, *wa-* kwa *watu*, na *u-* kwa *mti* na *upendo*. Vioneshi, *hii* na *haya*, *huyu* na *huu*, hufuata mgawanyo huohuo wa kiima. Viambishi vya yambwa navyo havitofautiani na vya kiima isipokuwa katika ngeli ya A-WA, hivyo *ukiyapata* ina uzito ule wa *yakikupata*. Vivumishi vya *-zuri* na *-kubwa* hutenganisha kwa namna nyingine: *nzuri* haioneshi kama nomino ya I-ZI ni moja au nyingi, jambo ambalo *i-* na *zi-* hulionesha.

Kwa hiyo katika kidokezo cha 1 chini, *Wa mama kwa mwana haupimiki (6)*, sehemu mbili za kidokezo zinafanya kazi tofauti. *Wa* inaondoa MAHABA lakini inaacha mlango wazi kwa nomino za viumbe, za umoja na za wingi. *Hau-* inaufunga mlango huo na kubakisha nomino za *u-*. Ingekuwa *Ya wapenzi* peke yake, mfumbuaji angebaki na ngeli tatu za kufikiria. *Yamewapofusha wapenzi* kingembakizia moja.

Ni hapa ambapo mjadala wa zamani kuhusu namna ya kuziainisha ngeli unapata sura ya kiutendaji. Uainishaji kwa viambishi awali vya nomino, uliopewa namba tangu enzi za Wilhelm Bleek, humweleza mfumbuaji herufi za kuandika. Uainishaji kwa upatanisho, unaotumia majina kama U-I na LI-YA, humweleza jinsi ya kukisoma kidokezo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, toleo la 2004, huonesha upatanisho wa nomino ndani ya mabano ya mraba, na kwa mfumbuaji mabano hayo aghalabu yana faida kuliko maelezo ya maana yanayoyafuata. Kutoka upatanisho hadi herufi, hata hivyo, si hatua ya moja kwa moja kwa ngeli zote. *Ki-* huahidi KI au CH, na *vi-* huahidi VI au VY. Hizo ni herufi mbili zinazoweza kuandikwa kwa penseli kabla jibu halijajulikana. *U-* huahidi M, au MW, au U, au W. *Li-* haiahidi kitu, kwa kuwa nomino nyingi za LI-YA hazina kiambishi katika umoja: *shoka*, *panga*, *tatizo*, *pori*. *I-* nayo huacha kisanduku cha kwanza wazi.

Pale upatanisho unapodanganya

Nomino za viumbe hufuata upatanisho wa A-WA bila kujali umbo lake. Kidokezo *Ana pembe puani (6)* kina jibu KIFARU, na mfumbuaji aliyeandika M katika kisanduku cha kwanza kwa sababu ya *a-* atalazimika kuifuta. Katika vidokezo vya wanyama upatanisho hueleza umoja na wingi tu. Nomino za jamaa zinaongeza ugumu mwingine, kwa kuwa vimilikishi vyake mara nyingi hupatana kama I-ZI ilhali vitenzi vinapatana kama A-WA: *shangazi yangu amefika*, *rafiki yangu anakuja*. Kidokezo *Yangu ni dada wa baba* kinadai SHANGAZI, na anayeiondoa kwa hoja kwamba kiumbe hakichukui *yangu* amesahau jinsi watu wanavyowaita jamaa zao.

Kuna pia nomino ambazo matumizi yake yanayumba. *Gari* katika Kiswahili sanifu ni *gari hili*, lakini *gari hii* husikika kila siku, na mtungaji aliyelelewa na umbo hilo anaweza kuandika *Imeharibika barabarani* akikusudia GARI. *Sufuria* huchukua *hii* kwa wengine na *hili* kwa wengine. Kwa maneno ya aina hii, kutopatana kwa kiambishi hakutoshi kulikataa jibu ambalo herufi na maana vimelikubali. Ushahidi wa ngeli una nguvu zaidi kwa nomino zenye kiambishi dhahiri, kama za KI-VI na U-I, na una nguvu ndogo kwa maneno ya mkopo yasiyo na kiambishi, yanayoelea kati ya I-ZI na LI-YA. Msemaji wa Nairobi anaweza kusema *kitabu yangu* mitaani, lakini katika chemshabongo iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu umbo hilo halitegemewi, na mfumbuaji ana haki ya kulihesabu kuwa kosa la mtungaji.

Mwisho kuna visawe vilivyo katika ngeli moja. *Shida*, *taabu* na *dhiki* zote ni I-ZI, na zote zina herufi tano. Mtungaji akiandika *Adha (5)*, au hata *Tatizo. Inamsumbua maskini (5)*, ambapo *i-* ni huru kwa kuwa *tatizo* lingedai *li-*, UDHIA utaondoka kwa sababu ungedai *u-*, lakini hayo matatu yatabaki vilevile. Upatanisho umefikia kikomo chake, na kazi inarudi kwa herufi. Hapo uchaguzi wa kisanduku cha kukingamanisha si wa kubahatisha: SHIDA na DHIKI zina H katika kisanduku cha pili na I katika cha tatu, hivyo neno linalopita katika visanduku hivyo litaitenga TAABU tu. Neno la kushuka likipita katika kisanduku cha kwanza, cha nne au cha tano, matatu hayo yote yataachana.